Kuhesabu visiwa kwenye gridi: mafuriko, foleni na rundo

Chukua daftari la hesabu lenye karatasi ya miraba, chora mstatili wenye mistari mitano ya kulala na safu sita za kusimama, kisha andika 1 katika kila seli ya nchi kavu na 0 katika kila seli ya maji, kama ifuatavyo:

```
110001
100111
001000
001100
100000
```

Swali ni hili: hapa kuna visiwa vingapi? Mtu akitazama mchoro mdogo kama huu hujibu kwa kutupa jicho tu, lakini programu husoma seli moja moja na haioni umbo zima la kisiwa. Kwa hiyo tunaipa kazi ambayo mtoto mwenye kalamu ya rangi angeweza kuifanya: ikikuta seli ya nchi kavu isiyopakwa rangi, iipake, ienee kwa majirani zake walio nchi kavu, na kwa majirani wa hao, mpaka rangi izuiwe na maji au ukingo wa gridi pande zote. Hiyo ndiyo njia ya kujaza kwa mafuriko. Kila mara kalamu inapoinuliwa na kuanza mahali papya, hesabu ya visiwa huongezeka kwa 1.

Nitahesabu mistari na safu kuanzia 0, kama Python inavyofanya, na nitaitaja seli kwa kutanguliza mstari na kufuatisha safu. Seli ya juu kabisa kushoto ni (0,0), na ile ya chini kabisa kulia ni (4,5).

Hatua ya kwanza: amua jirani ni nani

Uamuzi huu hutangulia programu, kwa sababu ndio unaobadilisha jibu. Ukisema jirani ni yule anayegusana na seli kwa ubavu, yaani aliye juu, chini, kushoto au kulia, basi gridi yetu ina visiwa vinne. Ukikubali na majirani wa pembeni, wanaogusana kwa ncha tu, basi seli (1,3) inaungana na seli (2,2), visiwa viwili vinakuwa kimoja, na jibu linashuka hadi 3. Majibu yote mawili ni sahihi, kila moja kwa kanuni yake, na hakuna hoja ya kihesabu inayoweza kukuchagulia. Linalokuchagulia ni jambo unalolipima: mtu anayetembea kwa miguu bila kuvuka maji hapiti kwenye ncha isiyo na upana, kwa hiyo majirani wanne wanamfaa zaidi. Katika mwongozo huu tutashika kanuni ya majirani wanne.

Gridi iliyotokana na ramani halisi ina tahadhari moja zaidi. Kisiwa cha Lamu na kisiwa cha Manda vimetenganishwa na mkondo mwembamba wa bahari, na ikiwa upana wa seli moja unazidi upana wa mkondo huo, seli zilizomo mkondoni zinaweza kuandikwa kuwa nchi kavu, na programu iliyoandikwa bila kosa lolote ikavihesabu visiwa hivyo viwili kuwa kimoja. Katika hali kama hiyo usiisumbue programu. Rudi kwenye ramani, utafute gridi yenye seli ndogo zaidi.

Hatua ya pili: pitia gridi kwa mkono

Ninawasihi wote wanaojifunza jambo hili wafanye zoezi lifuatalo kwa penseli kabla ya kugusa kibodi, kwani makosa karibu yote nitakayoyataja baadaye huonekana mara moja kwa mtu aliyekwisha kulifanya.

Anza (0,0) na usome kama unavyosoma maandishi, kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari. Seli (0,0) ni nchi kavu na haina rangi, kwa hiyo hesabu inakuwa 1, na rangi inaenea hadi (0,1) na (1,0), kisha inakwama. Endelea kusoma ulipoishia. Seli (0,1) ni nchi kavu lakini tayari ina rangi, hivyo unaipita bila kuhesabu. Yanafuata maji, mpaka (0,5), ambapo hesabu inakuwa 2. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini, kwa sababu rangi inashuka hadi (1,5) kisha inarudi kushoto, (1,4) na (1,3), kinyume na mwelekeo unaosoma. Katika mstari wa 1 hakuna kisiwa kipya, maana kila seli ya nchi kavu iliyomo imekwisha kupakwa. Katika mstari wa 2 unakutana na (2,2), hesabu inakuwa 3, na rangi inashuka hadi (3,2) na kwenda kulia hadi (3,3). Mwishoni (4,0), iliyo peke yake, inaifikisha hesabu kwenye 4.

Andika pembeni ukubwa wa kila kisiwa: seli 3, 4, 3 na 1. Jumla yake ni 11, na ukihesabu tarakimu 1 zote zilizomo kwenye gridi utapata 11 vilevile. Tunza namba hizo, kwa kuwa tutazihitaji.

Hatua ya tatu: andika programu

Programu ifuatayo inafanya kile ulichokifanya kwa penseli. Seli zinazosubiri kushughulikiwa zinapangwa katika foleni: aliyetangulia kuingia ndiye anayetangulia kutoka, kama watu wanaosubiri dirishani.

```python
from collections import deque

PANDE = ((-1, 0), (1, 0), (0, -1), (0, 1))

def pima_visiwa(gridi):
    R, C = len(gridi), len(gridi[0])
    imeonwa = [[False] * C for _ in range(R)]
    ukubwa = []
    for r in range(R):
        for c in range(C):
            if gridi[r][c] != "1" or imeonwa[r][c]:
                continue
            imeonwa[r][c] = True
            foleni = deque([(r, c)])
            seli = 0
            while foleni:
                y, x = foleni.popleft()
                seli += 1
                for dy, dx in PANDE:
                    b, a = y + dy, x + dx
                    if (0 <= b < R and 0 <= a < C
                            and gridi[b][a] == "1"
                            and not imeonwa[b][a]):
                        imeonwa[b][a] = True
                        foleni.append((b, a))
            ukubwa.append(seli)
    return ukubwa
```

Gridi inaingizwa kama orodha ya matini, kila mstari wa gridi ukiwa matini moja, kwa mfano `["110001", "100111", ...]`. Nimeifanya funksheni irudishe orodha ya ukubwa wa visiwa badala ya idadi peke yake, na idadi unaipata kwa `len`. Kwa gridi yetu inarudisha `[3, 4, 3, 1]`. Kila seli inasomwa mara moja na vitanzi viwili vya nje, na ikiwa ni nchi kavu inaingia foleni mara moja tu na kuuliza habari za majirani wanne. Kwa hiyo kazi yote inakua sawia na idadi ya seli, hata visiwa viwe na umbo gani.

Hatua ya nne: jifunze kulisoma kosa kutoka kwenye jibu

Gridi hii sikuichora ovyo. Nimeipanga ili makosa yanayotokea mara nyingi yatoe kila moja jibu lake, na mtu aweze kulitambua kosa kwa kuitazama namba.

Jibu likiwa 5, huenda umeangalia upande wa kulia na wa chini peke yake, ukidhani kwamba juu na kushoto tulikwisha kupita. Kutoka (0,5) rangi inashuka hadi (1,5) na kusimama hapo, kwa sababu haijui kurudi kushoto, na usomaji ukifika (1,3) kipande kilichobaki kinahesabiwa kama kisiwa kipya.

Jibu likiwa 3, umeruhusu majirani wa pembeni.

Jibu likiwa 2, basi umesahau sehemu ya `0 <=` katika sharti la mipaka, ukabakiza `b < R` na `a < C`. Kosa hili limewasumbua wengi, kwa kuwa Python hailalamiki hata kidogo: namba hasi katika orodha ina maana ya kuhesabu kutoka mwisho. Jirani wa kushoto wa (0,0) anakuwa seli ya mwisho ya mstari huohuo, yaani (0,5), ambayo ni nchi kavu. Na jirani wake wa juu anakuwa (4,0), ambayo pia ni nchi kavu. Visiwa vitatu vinaungana kwa kupitia kingo za karatasi, kana kwamba mtu ameikunja ikawa bomba kisha akaziunganisha ncha zake mbili, na kinachobaki ni hicho kimoja na kile cha katikati.

Lililo baya kuliko yote ni kosa linalotoa jibu sahihi. Badala ya mstari unaotengeneza `imeonwa` kama nilivyouandika, mtu huandika hivi kwa kufupisha:

```python
imeonwa = [[False] * C] * R
```

Hapo hajatengeneza mistari mitano. Ametengeneza mstari mmoja wenye majina matano, na alama inayowekwa kwenye safu ya 0 ya mstari wowote inaonekana katika mistari yote. Ifuatilie kwa penseli uone. Kisiwa cha kwanza kinakosa (1,0), kwa sababu safu ya 0 imekwisha kuwekwa alama. Seli (0,5) inabaki peke yake. Kisha (1,3) inahesabiwa kuwa kisiwa kipya pamoja na (1,4). Seli (2,2) inahesabiwa peke yake, na (4,0) hairuhusiwi kabisa kuanzisha kisiwa, kwa kuwa safu yake ina alama. Kisiwa kimoja kimezidishwa, kimoja kimepotea, na jibu linatoka 4. Mtu anayelinganisha idadi peke yake ataondoka ameridhika na programu iliyoharibika. Lakini orodha ya ukubwa sasa inasema `[2, 1, 2, 1]`, ambayo jumla yake ni 6, ilhali gridi ina tarakimu 1 kumi na moja. Ndiyo sababu nasisitiza funksheni irudishe ukubwa: `sum` ya orodha hiyo sharti ilingane na idadi ya seli za nchi kavu, na ulinganisho huo unagharimu mstari mmoja wa msimbo.

Hatua ya tano: weka alama seli inapoingia, isiwe inapotoka

Katika programu yetu seli inawekwa alama papo hapo inapoingizwa foleni. Wapo wanaoona ni jambo la kawaida zaidi kuiweka alama inapotolewa, baada ya `popleft`, kwa hoja kwamba hapo ndipo inaposhughulikiwa kweli. Idadi ya visiwa itakuwa ileile, lakini muda unaweza kulipuka, na inafaa kuelewa ni kwa nini.

Fikiria gridi iliyojaa nchi kavu. Seli (1,1) ina majirani wawili wanaoifikia kwa wakati uleule, (0,1) na (1,0). Wa kwanza anaikuta haina alama na kuiingiza. Wa pili naye anaikuta haina alama, kwa sababu bado iko foleni ikisubiri, na anaiingiza tena. Sasa kuna nakala mbili, na kila nakala itakapotoka itawaingiza majirani wake wa mbele, ambao nao bado hawana alama. Nakala za kila seli zinakuwa sawa na idadi ya njia fupi za kuifikia kutoka kona ya mwanzo. Katika gridi ya 10 kwa 10 kona ya mbali inaingizwa mara 48,620. Katika gridi ya 20 kwa 20, yenye seli 400 tu, kona hiyo ingeingizwa zaidi ya mara bilioni 35. Programu haitoi ujumbe wowote wa kosa; inakaa kimya huku kumbukumbu ikijaa, na mwenye nayo hudhani kompyuta yake ni dhaifu.

Ukiona programu inayomaliza haraka kwenye gridi yenye visiwa vidogo vilivyotawanyika lakini inaganda kwenye gridi ndogo iliyojaa tarakimu 1, angalia kwanza alama inawekwa wapi. Na kama una sababu ya lazima ya kuiweka seli ikitoka, basi iulize tena mara tu inapotoka kama imekwisha kuwekwa alama, na ikiwa tayari, iache.

Hatua ya sita: chagua kati ya kina kwanza na upana kwanza

Programu yetu inatafuta kwa upana kwanza: inawamaliza majirani wote wa karibu kabla ya kwenda mbali, na rangi inaenea kama maji yanayopanda. Ili itafute kwa kina kwanza, badilisha neno `popleft` kuwa `pop`. Foleni inageuka kuwa rundo, kama sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine, ambapo iliyowekwa mwisho ndiyo inayochukuliwa kwanza. Rangi sasa inafuata njia moja mpaka ikwame, ndipo irudi kutafuta nyingine. Idadi ya visiwa na ukubwa wake havibadiliki, kwa sababu njia zote mbili hatimaye huzifikia seli zilezile. Kwa kazi ya kuhesabu peke yake, tofauti iko kwenye kumbukumbu.

Ipo namna ya tatu, na ndiyo inayofundishwa kwanza mara nyingi kwa kuwa ni fupi: funksheni inayojiita yenyewe kwa kila jirani. Hii nayo ni kina kwanza, lakini rundo lake ni la Python yenyewe, na Python kwa kawaida huruhusu miito 1,000 tu kupandana. Ukiwaita majirani kwa mpangilio wa juu, chini, kushoto, kulia kwenye gridi iliyojaa nchi kavu, njia inashuka safu ya kwanza hadi chini, inahamia kulia, inapanda hadi juu, inahamia kulia tena, na kuendelea hivyo kama nyoka bila kukwama hata mara moja. Kila seli inaongeza mwito mmoja juu ya uliotangulia. Kwa hiyo gridi ya 32 kwa 32, yenye seli 1,024, inatosha kuleta `RecursionError`. Kuongeza kikomo kwa `sys.setrecursionlimit` hakuondoi tatizo. Kunalisogeza mbele tu, na kikomo kikizidi mno programu inaweza kuzimika bila hata ujumbe unaosomeka. Ushauri wangu ni kwamba namna hii itumike pale tu unapojua kwa hakika kisiwa kikubwa kabisa kina seli mia chache.

Baina ya rundo na foleni unazozishika mwenyewe, chukua gridi ya 1,000 kwa 1,000 iliyojaa nchi kavu, yaani seli milioni moja. Foleni hubeba ukingo wa rangi peke yake, ambao kutoka kona ni mstari wa mshazari, kwa hiyo haizidi sana seli 1,000 kwa wakati wowote. Rundo, likifuata mpangilio wa `PANDE` nilioutumia, linapita mstari mzima kwenda kulia na kuacha nyuma seli zote za mstari wa chini yake zikisubiri, kisha linaruka mistari miwili na kufanya vivyo hivyo. Kwa kila mistari miwili, mmoja unabaki rundoni, na kufikia mwisho zinakuwa zimerundikana seli karibu 500,000. Kwenye kisiwa chembamba kinachojipinda kama mto, hali ni tofauti: foleni na rundo vyote viwili hubeba seli moja au mbili tu, na anayeumia ni yule anayejiita mwenyewe, ambaye kina chake kinalingana na urefu wote wa mto.

Kwa sababu hiyo, kwa visiwa vipana mimi huchagua foleni bila kusita. Angalizo lake ni moja: itumie `deque`. Ukitumia orodha ya kawaida na kuandika `pop(0)`, Python inalazimika kuzisogeza seli zote zilizobaki nafasi moja mbele kila inapotoa moja.

Pale ambapo uchaguzi unabadilisha jibu

Mpaka hapa ungeweza kuchagua njia yoyote na ukapata namba ileile. Mambo yanabadilika mara swali linapogusa umbali. Tuseme unataka kujua ni seli chache kiasi gani za maji zijazwe ili kisiwa cha kwanza, chenye (0,0), kiungane na kile chenye (2,2). Ziingize foleni seli zote tatu za kisiwa cha kwanza kwa pamoja, kila moja ikiwa na umbali 0, kisha ruhusu rangi ienee juu ya maji. Kwa umbali 1 inafika (0,2), (1,1) na (2,0). Kwa umbali 2 inafika (0,3), (1,2), (2,1) na (3,0). Kwa umbali 3 inagusa (2,2), nayo ni nchi kavu ya kisiwa kingine. Hatua tatu zina seli mbili za maji katikati, kwa mfano (1,1) na (1,2), na jibu ni 2. Una haki ya kusimama hapo hapo, kwa kuwa foleni haitoi seli yoyote ya umbali 3 kabla ya kumaliza zote za umbali 2.

Rundo halina ahadi hiyo. Linaweza kushuka kutoka (1,0) hadi (2,0), kisha (3,0), kisha kulia (3,1), na kukigusa kisiwa hicho kwenye (3,2) kwa hatua 4, likaripoti seli 3 za maji. Njia hiyo ni halali kabisa, ila si fupi kuliko zote, na alama zilizowekwa njiani zinaweza kuifunga ile fupi isipitiwe tena. Kwa maswali ya namna hii usitumie kina kwanza.

Majaribio kabla ya kuiamini programu

Mbali na gridi yetu, ipe programu gridi ya maji matupu, ambayo sharti irudishe orodha tupu, na gridi ya 40 kwa 40 iliyojaa nchi kavu, ambayo sharti irudishe `[1600]` papo hapo; ikiganda, rejea hatua ya tano, na ikilalamika kuhusu kina, rejea ya sita. Gridi isiyo na mstari hata mmoja itaanguka kwenye `gridi[0]`, kwa hiyo kama data yako inaweza kuwa tupu, ikague mapema. Mwisho chora ubao wa drafti wa 8 kwa 8, wenye 1 na 0 zikipishana: kwa majirani wanne utapata visiwa 32 vya seli moja moja, na kwa majirani wanane utapata kimoja chenye seli 32.